Mteja wa Pauni Laki Moja kwa Mwezi

Januari 2016, wakuu wa kampuni ya mahusiano ya umma ya Bell Pottinger walisafiri kutoka London hadi Afrika Kusini kuonana na mteja mtarajiwa. Mteja huyo alikuwa familia ya Gupta, ndugu watatu waliotoka India katika miaka ya 1990 na kujijengea milki ya biashara: kompyuta, makaa ya mawe, urani, gazeti na kituo cha televisheni. Kampuni yao mama iliitwa Oakbay Investments. Magazeti yalikuwa yamewaandama kwa muda mrefu, na sasa walitaka mtu wa kuwasemea. Ada iliyokubaliwa ilikuwa pauni 100,000 kwa mwezi.

Septemba ya mwaka uliofuata, Bell Pottinger haikuwepo tena.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama kisa cha siasa za Afrika Kusini, cha Rais Jacob Zuma na kile kilichokuja kuitwa utekaji wa dola. Lakini kina upande mwingine ambao mfanyabiashara yeyote anaweza kujifunza kwao. Katika kipindi kilekile cha miezi michache, mteja huyohuyo alikuwa mezani kwa kampuni nyingi tofauti: benki nne kubwa, wakaguzi wa hesabu, washauri wa biashara, na hao watu wa mahusiano ya umma. Zote zilikuwa na maneno mazuri juu ya uadilifu. Baadhi zilimkataa, moja ilimkumbatia, moja ilimkataa baada ya kuchelewa sana, na moja ilikataa kwa mdomo huku mkono ukiendelea kupokea. Ni nadra kuona maadili ya kampuni yakipimwa kwa mizani moja namna hiyo.

Ofisi nyingi zina fremu pale mapokezi: dira, dhamira, na chini yake maadili ya msingi. Uadilifu. Weledi. Kujali jamii. Hakuna anayeyapinga maneno hayo, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Neno lisiloweza kumkasirisha mteja hata mmoja halimwambii karani wa mauzo afanye nini siku mteja mwenye fedha nyingi na sifa mbaya anapobisha hodi. Ili lifanye kazi, lazima mtu akae chini aamue mambo matatu: ni mteja wa namna gani atakayekataliwa, nani ana mamlaka ya kumkataa, na fedha zake zitazuiwaje zisiingie kwa mlango wa nyuma. Familia ya Gupta inaonyesha kinachotokea pale kila moja ya hayo matatu inapokosekana.

Tuanze na kilichokuwa kinajulikana. Upelelezi haukuhitajika. Aprili 2013, ndege iliyobeba wageni wa harusi ya familia hiyo ilitua katika kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof, karibu na Pretoria, na nchi nzima ikauliza nani alitoa ruhusa. Mtoto wa Rais Zuma alikuwa mshirika wao wa biashara, jambo lililokuwa wazi. Desemba 2015 Rais alimfuta kazi Waziri wa Fedha, Nhlanhla Nene, randi ikaporomoka, na minong'ono juu ya ushawishi wa akina Gupta ikawa habari za ukurasa wa mbele. Mwezi huohuo benki ya Absa ilianza kuachana nao. Mtu aliyetua Johannesburg mwezi uliofuata na kununua gazeti pale uwanjani angepata sehemu kubwa ya taarifa alizozihitaji.

Kwa nini basi Bell Pottinger ilisema ndiyo?

Sehemu ya jibu ni historia yake. Mwanzilishi wake, Tim Bell, alijipatia jina kwa kampeni ya uchaguzi ya Margaret Thatcher mwaka 1979, na kwa miaka mingi kampuni yake haikuona haya kuwahudumia watu ambao wengine waliwakwepa. Orodha ya wateja wake iliwahi kuwa na serikali ya Belarusi chini ya Aleksandr Lukashenko. Hoja ya kujitetea ilikuwa ileile inayosikika katika ofisi nyingi za mahusiano ya umma: kila mtu ana haki ya kusikilizwa, kama mshtakiwa alivyo na haki ya wakili.

Hoja hiyo ina mvuto, lakini inavuja. Wakili anasimama mbele ya hakimu, na upande wa pili kuna wakili mwingine mwenye kazi ya kumkosoa. Mahakama ina kanuni za ushahidi. Mtu wa mahusiano ya umma hana hakimu. Anachokisema kinaingia moja kwa moja kwenye masikio ya umma, mara nyingi bila umma kujua nani amelipia. Kwa hiyo swali la kama mteja anastahili kusemewa, ambalo wakili anaweza kumwachia hakimu, yeye analazimika kulijibu mwenyewe kabla ya kusaini. Asipolijibu, amelijibu tayari kwa kuchukua fedha.

Na fedha zilichukuliwa. Kampeni iliyoandaliwa ilizungumzia ukombozi wa kiuchumi wa Waafrika walio wengi, suala la kweli na zito katika nchi ambayo ubaguzi wa rangi uliacha ardhi na mali mikononi mwa wachache. Ujanja ulikuwa katika kulitumia suala hilo kama ngao. Hasira iliyoelekezwa kwa ukiritimba wa mitaji ya wazungu ilikuwa hasira iliyogeuzwa isiwaangalie akina Gupta. Mmoja wa waliolengwa alikuwa Johann Rupert, mwenyekiti wa kampuni ya bidhaa za anasa ya Richemont. Richemont ilikuwa mteja wa Bell Pottinger.

Hapo pana jambo ambalo wenye biashara hulisahau. Kumpokea mteja si tendo la kuongeza tu. Wakati mwingine ni kuchagua upande dhidi ya mteja uliye naye tayari, na aliye tayari ndani hatangoji kuambiwa. Richemont iliondoka. Benki ya Investec nayo ikaondoka. Tim Bell mwenyewe alijiuzulu Agosti 2016 na baadaye akadai aliwaonya wenzake juu ya kazi hiyo, madai ambayo wenzake waliyapinga. Aprili 2017 kampuni ikavunja mkataba na Oakbay. Julai, mtendaji mkuu James Henderson akaomba radhi hadharani. Chama cha upinzani cha Democratic Alliance kilikuwa kimekwisha peleka malalamiko kwa chama cha kitaaluma cha Uingereza ambacho Bell Pottinger ilikuwa mwanachama wake na ambacho kanuni zake za maadili iliapa kuzifuata.

Kampuni ya wanasheria ya Herbert Smith Freehills iliajiriwa kuchunguza. Matokeo yalichapishwa tarehe 4 Septemba 2017, na ndani yake kuna jambo linalouma kuliko lawama yoyote ya kimaadili. Wachunguzi waliona kwamba wakuu wa kampuni walipaswa kujua kuwa kampeni ile ingeweza kuwaudhi watu, hata kwa misingi ya rangi, na kwamba kazi yenye hatari ya aina hiyo haikusimamiwa kwa uangalifu uliostahili. Hakukuwa na hatua ambapo mtu asiye na masilahi katika ada ile alilazimika kuuliza: kwa nini sisi, na kwa nini sasa? Siku hiyohiyo chama cha kitaaluma kiliifukuza kwa muda usiopungua miaka 5. Wateja wakatoka mmoja baada ya mwingine. Chime, iliyokuwa na takriban robo ya hisa, ikajivua. Tarehe 12 Septemba kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi.

Hesabu ya ada ni rahisi. Hata tukisema ililipwa kwa miezi 14, ni pauni milioni 1.4. Kampuni yenye zaidi ya wafanyakazi 200 na jina la miongo mitatu iliuzwa kwa bei hiyo.

Benki zilifanya tofauti. Kati ya Desemba 2015 na Aprili 2016, Absa, FNB, Standard Bank na Nedbank zote ziliarifu kampuni za Oakbay kwamba akaunti zao zingefungwa. Oakbay ikalia kwamba maelfu ya wafanyakazi wangekosa mishahara, na mawaziri kadhaa wakajaribu kuingilia. Benki hazikurudi nyuma.

Si kwamba mameneja wa benki walikuwa watakatifu kuliko watu wa London. Walikuwa na kitu ambacho Bell Pottinger haikuwa nacho: maswali ya lazima. Sheria ya kudhibiti fedha haramu inaitaka benki imjue mmiliki halisi wa kampuni, ijue fedha zinatoka wapi, na iongeze umakini mteja anapokuwa na uhusiano wa karibu na viongozi wa kisiasa. Mwamala wa kutia shaka lazima uripotiwe. Juu ya hayo, kila benki inategemea benki wenza za New York na London ili kupitisha dola na pauni, na wenza hao wakikushuku wanaweza kukukatia njia. Afisa anayeamua yuko kitengo cha udhibiti, hapokei kamisheni kwa mteja anayebaki. Maadili ya benki, yawe yameandikwa ukutani au la, yalikuwa yamefungwa kwenye utaratibu wenye mwenyewe. Oktoba 2016 Waziri wa Fedha Pravin Gordhan aliwasilisha mahakamani orodha ya miamala 72 ya akina Gupta na kampuni zao iliyoripotiwa kuwa ya kutia shaka, yenye jumla ya randi bilioni 6.8. Kumbe mafaili yalikuwa yakijaa kimyakimya.

Zilikuwa pia na ardhi ya kisheria ya kusimama. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Rufani ya Afrika Kusini iliamua shauri la mfanyabiashara wa Zimbabwe, John Bredenkamp, dhidi ya Standard Bank. Benki ilikuwa imemfungia akaunti baada ya Marekani kumweka kwenye orodha ya vikwazo. Mahakama ilisema benki inaweza kuvunja mkataba wake na mteja kwa kumpa notisi ya muda wa kutosha, na haikuiona hatua hiyo kuwa dhuluma. Kwa hiyo miaka 6 baadaye, Oakbay ilipogonga mlango, wanasheria wa benki walijua pa kushika. Kampuni inayotaka kuwa na uwezo wa kukataa lazima iuweke uwezo huo kwenye mkataba mapema: kifungu cha kutoka, muda wa notisi, na haki ya kusitisha huduma mteja akificha mmiliki halisi au akichunguzwa kwa rushwa. Ukishasaini mkataba usio na mlango wa kutokea, maadili yako yatakuwa na gharama ya wakili.

Si benki zote zilizofuata njia hiyo. Bank of Baroda ya India iliendelea kuwahudumia akina Gupta kwa muda mrefu zaidi, ikapigwa faini na Benki Kuu ya Afrika Kusini mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikatangaza kufunga biashara yake nchini humo.

KPMG ni mfano wa aliyeamka saa nne asubuhi. Mwishoni mwa Machi 2016 iliacha kukagua hesabu za kampuni za Oakbay kwa sababu ya hatari ya kuhusishwa nazo. Uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini ilikuwa imewakagua kwa takriban miaka 15, ikiwa ni pamoja na kampuni ambayo vitabu vyake viliandika sehemu ya gharama za harusi ile ya 2013 kama gharama za biashara. Septemba 2017, siku chache baada ya Bell Pottinger kuanguka, viongozi wa juu wa KPMG Afrika Kusini walijiuzulu. Kumwacha mteja hakufuti kazi uliyomfanyia, na ndiyo maana kampuni makini huwapitia upya wateja wa zamani kila mwaka, wala haziishii kuwapima wageni tu. Mteja aliyepita kwenye chujio mwaka 2001 huenda si mtu yuleyule mwaka 2016.

Kisa cha McKinsey ndicho kinachofundisha zaidi, kwa sababu humo chujio lilifanya kazi na bado maji machafu yakapita.

Kampuni hiyo ya ushauri, pengine yenye heshima kuliko zote duniani, ilipata kazi kubwa katika shirika la umeme la Eskom. Sheria za Afrika Kusini za kuwainua Waafrika kiuchumi ziliitaka ifanye kazi pamoja na kampuni ya wazawa, na aliyetokea ni Trillian, kampuni iliyohusishwa na mshirika wa karibu wa akina Gupta. McKinsey ikaichunguza kama taratibu zake zinavyotaka. Iliuliza nani anamiliki Trillian. Majibu hayakuridhisha. Machi 2016 ikaamua haitashirikiana nayo. Hadi hapo, kila kitu kiko sawa: swali liliulizwa na jibu lilikuwa hapana.

Lakini Februari, mwezi mmoja kabla, mshirika mwandamizi mmoja wa McKinsey alikuwa amesaini barua kwenda Eskom iliyoonekana kuruhusu Trillian ilipwe moja kwa moja. Kazi ya Eskom yenyewe haikusimama. Eskom ililipa jumla ya takriban randi bilioni 1.6, na kama milioni 600 kati ya hizo zilikwenda kwa Trillian. Aliyekataliwa kwenye kamati alilipwa kwenye benki. Mwaka 2018 McKinsey ilirudisha karibu randi bilioni moja. Desemba 2024 ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza uchunguzi wa Marekani juu ya rushwa katika kazi zake za Eskom na shirika la reli na bandari la Transnet.

Kasoro hiyo ina dalili zake, na mtu anaweza kuiona hata katika kampuni ya watu wanane. Uamuzi wa kukataa uko kwenye kumbukumbu za kikao, lakini idara ya fedha haijaarifiwa. Mteja aliyekataliwa anarudi kama mkandarasi mdogo wa mteja mwingine. Ankara inatolewa kwa jina la kampuni dada. Mkuu wa kitengo anasema kazi hii si ya yule, ni ya mtu wake tu. Kukataa kuliko kamili kuna hatua za makarani: jina linaingizwa kwenye mfumo wa ankara kama lililozuiwa, waliopo kwenye mradi wanaambiwa kwa maandishi, na mikataba inayogusa jina hilo inatafutwa yote, siyo ule mmoja uliokuwa mezani.

Baada ya aibu hiyo McKinsey ilijenga chujio jipya na kulitangaza. Kazi inayotarajiwa hupimwa kwa mambo matano: nchi, taasisi, mada ya kazi, mtu binafsi atakayehudumiwa, na hatari za utekelezaji. Penye shaka, mkuu wa ofisi ya nchi haamui peke yake, suala linapanda kwenye kamati ya hatari. Mgawanyo huo una akili. Unaweza kuwa na nchi isiyo na tatizo na taasisi safi, halafu mtu mmoja tu anayesaini hundi ndiye mwenye tatizo. Au taasisi ni ya heshima lakini mada ndiyo isiyofaa, mfano kumsaidia mtengenezaji wa dawa kali za maumivu auze zaidi, kazi ambayo McKinsey iliifanya Marekani, ikaiacha mwaka 2019, na ambayo ilikuja kuigharimu mamia ya mamilioni ya dola.

Kanuni yake moja inastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi: haitafanya kazi na vyombo vya ulinzi, ujasusi, haki na polisi katika nchi zisizo za kidemokrasia. Nani anaamua nchi ipi si ya kidemokrasia? Kampuni iliamua kutumia faharasa ya demokrasia inayotolewa na kitengo cha utafiti cha jarida la The Economist. Faharasa hiyo ina wakosoaji wake, na hiyo ni haki yao. Ila ina faida moja kubwa: haiandikwi na mtu anayesubiri ada. Kipimo kilicho nje ya mikono ya wauzaji hakibadiliki pale mteja anapoongeza dau.

Kunabaki suala la bei. Hapa kampuni nyingi hutangaza kwanza na kuhesabu baadaye, kisha zinarudi nyuma kimya. Mfano wa kinyume unatoka kwenye mnyororo wa maduka ya dawa wa CVS huko Marekani. Februari 2014 ulitangaza kwamba maduka yake zaidi ya 7,600 yangeacha kuuza sigara, na Septemba mwaka huohuo ukaacha, mwezi mmoja kabla ya tarehe iliyoahidiwa. Hasara ilitajwa siku ileile ya tangazo: dola bilioni 2 za mauzo kwa mwaka. Ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na soda, biskuti na vitu vingine ambavyo mvutaji huvichukua akija kununua pakiti. Hicho ndicho kipengele wanachokisahau wengi. Mteja unayemkataa haondoki na ada yake peke yake, huondoka na vyote alivyokuwa akivivuta nyuma yake.

Kwa CVS, iliyokuwa na mapato ya zaidi ya dola bilioni 126, hiyo ilikuwa chini ya senti mbili katika kila dola, tena kampuni ilikuwa ikitaka kujenga ushirika na hospitali, na duka la dawa linalouza sigara lilikuwa na kazi kujieleza mbele ya madaktari. Mwenye kijicho atasema ilikuwa biashara tu. Huenda. Ila mwaka 2022 CVS hiyohiyo ilikubali kulipa takriban dola bilioni 5 kwa miaka kadhaa kumaliza mashtaka kuhusu dawa za maumivu zilizotoka kwenye madirisha yake, bila kukiri kosa. Kukataa bidhaa moja iliyo wazi hakukulindi dhidi ya ile iliyo katikati ya biashara yako.

Je, haya yanaifaa kampuni ndogo? Tuchukue mfano wa kubuni: wakala wa matangazo Dar es Salaam mwenye wafanyakazi 14 na mapato ya shilingi milioni 900 kwa mwaka. Mapokezi pameandikwa kwamba kampuni inajenga vijana. Mteja wake wa pili kwa ukubwa ni kampuni ya kubeti, inayoleta milioni 180. Biashara ya kubeti ni halali na ina bodi yake ya serikali, kwa hiyo sheria haitamsaidia kuamua. Ni juu yake.

Hatua ya kwanza ni kujua kiasi halisi kinachopotea. Milioni 180 ni mapato. Zikitolewa gharama za studio, wasanii na usafiri wa kazi hiyo, tuseme milioni 100, kinachobaki cha kulipia kodi ya ofisi na mishahara ni milioni 80. Hiyo ndiyo hasara ya kutafutiwa fidia, na wafanyakazi wawili wanaoishughulikia kazi hiyo muda wote ndio wa kutafutiwa kazi nyingine. Mkataba unaisha Juni. Wakala anaweza kumwarifu mteja mwezi Januari, bila matusi na bila tangazo kwa magazeti, kwamba hautahuishwa, na miezi hiyo mitano akaitumia kutafuta kazi za kujaza pengo. Kuvunja mkataba katikati kungekuwa kishujaa zaidi, lakini kungeleta kesi, na anayeahidi uadilifu akavunja saini yake mwenyewe ameanza vibaya.

Hatua ya pili ni kuandika kanuni kwa maneno ambayo mgeni wa kazi anaweza kuyatumia bila kumpigia simu bosi: hatutengenezi tangazo la mchezo wowote wa kubahatisha wa fedha, kwa jina lake wala kwa jina la kampuni dada, moja kwa moja wala kupitia wakala mwingine. Halafu inatajwa nani anaweza kutoa msamaha. Isiwe meneja wa mauzo. Katika kampuni ndogo anaweza kuwa mkurugenzi pamoja na mhasibu, wote wawili kwa saini, na daftari lioneshe tarehe, jina la mteja, kiasi kilichokataliwa na sababu. Daftari hilo ni la maana kuliko fremu ya mapokezi. Likikaa tupu kwa miaka miwili, ama kanuni imeandikwa kwa ulegevu mno, ama wauzaji wameacha kuleta maswali.

Hatua ya tatu ndiyo inayokera, maana maisha hayapangiki kama kanuni. Kuanzia 2017 SportPesa, kampuni ya kubeti, ilidhamini Simba na Yanga kwa pamoja, jina lake likakaa vifuani mwa timu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini. Sasa mteja wa soda anakuja kwa wakala wetu. Anataka bango la barabarani lenye mshambuliaji wa timu akiwa na jezi, na kifuani pana nembo ya mdhamini wa namna hiyo. Wakala halipwi na kampuni ya kubeti. Hata hivyo bango lenye urefu wa mita 12 litaionyesha nembo hiyo kwa kila kijana anayepita Morogoro Road. Mbunifu anaweza kumvalisha mchezaji fulana ya mazoezi isiyo na nembo, ila klabu ina mkataba na mdhamini wake unaoweza kudai jezi kamili ionekane. Mhasibu anasema kanuni inazungumzia tangazo la mchezo wa kubahatisha, na hili ni tangazo la soda. Mkurugenzi anajibu kwamba mtoto aliye kituo cha daladala hasomi ankara. Kazi ina thamani ya milioni 22, mteja wa soda anataka jibu Ijumaa, na vyovyote watakavyoamua, itabidi waandike sababu kwenye daftari, kwa sababu msimu ujao mteja mwingine ataleta jezi ileile.